Wasifu wa Mwanzilishi: Watu Watatu Wanausoma, na Kila Mmoja Anatafuta Lake

Ukipita Gitanga Road kuelekea Valley Arcade, hapa Lavington, huoni kibao kinachokwambia kuwa ndani kuna watu wa pesa. Unaona ua, lango jeusi na askari aliyekaa kwenye kiti cha plastiki. Nyumba nyingi za zamani zenye bustani zimegeuzwa ofisi, na ndani yake mna vijana wenye kompyuta, mawakili, mashirika, na watu wanaotafuta biashara changa za kuziwekea fedha. Mimi kazi yangu iko humo. Husoma maombi ya wanaotaka fedha, nikapima kipi cha kweli na kipi ni mapambo, kisha nikamwambia mwenye pesa nilichokiona.

Nimeombwa mara kadhaa na vijana wetu wa Mombasa, Kwale na Lamu niwaeleze jambo moja linalowasumbua: ule wasifu wa mwanzilishi, ambao wenyewe huuita profaili. Ni ukurasa mmoja au miwili unaosema wewe ni nani, umefanya nini, na biashara yako imefika wapi. Wengine huuweka LinkedIn, wengine huutuma kwa PDF, wengine huuchapisha wakaupeleka mkononi. Njia si hoja. Hoja ni kwamba huo ndio unaokutangulia mlangoni kabla yako.

Kwetu hatukuzoea. Pwani mtu huulizwa, "Wewe mtoto wa nani?" na jibu likitosha, mambo yanakwenda. Nahodha alikabidhiwa shehena ya boriti Lamu akaipeleka Ghuba bila kuweka rehani, kwa kuwa babake anajulikana na msikiti anaoswali unajulikana. Jina la ukoo ndilo lililokuwa wasifu wake. Hapa Lavington hakuna anayemjua babu yako. Kwa hiyo ule ukurasa unafanya kazi ambayo kwetu ilifanywa na mtaa mzima, na ndiyo maana kila mstari wake ni lazima uwe mstari ambao mtu mwingine, asiyekujua, anaweza kwenda kuuhakiki.

Nitaeleza kwa mfano wa kijana mmoja wa kusini, upande wa Shimoni, ambaye ameniruhusu nisimulie habari zake ila jina nilifiche. Biashara yake ni samaki. Anachukua changu, tewa na nguru kwa wavuvi wa huko, anawapanga kwenye makasha yenye barafu, wanasafiri usiku, na asubuhi wanafika majumbani na kwenye mikahawa ya Lavington, Kileleshwa na Kilimani. Amekodi meza moja kwenye ofisi ya kushirikiana hapa mtaani. Alikuwa anatafuta vitu vitatu kwa mpigo: mtu wa kumwekea fedha anunue friza na gari, mwenye lori la baridi wa kushirikiana naye, na wateja zaidi. Akaniletea wasifu wake niutazame.

Ulianza hivi: "Mjasiriamali mwenye maono na kiongozi wa mapinduzi ya samaki Afrika Mashariki. Amewahi kufanya kazi na shirika kubwa la kimataifa la bahari. Mwanzilishi pekee wa kampuni yenye washirika katika hoteli maarufu. Mauzo yetu ni zaidi ya milioni mbili."

Nikamwambia, "Haya maneno mazuri. Sasa nionyeshe moja ambalo naweza kulipigia simu."

Akanyamaza.

Tuanze na mwenye pesa, kwa sababu yeye ndiye msomaji mkali kuliko wote. Watu wanadhani mwekezaji anasoma wasifu ili avutiwe. La. Anausoma akitafuta mahali pa kuvuta uzi. Anachukua mstari mmoja, mara nyingi ule mdogo usioutilia maanani, anaufuatilia mpaka mwisho. Ukikatika, hasomi mingine.

Wakubwa pia yamewakuta. Januari 2012 kampuni ya Yahoo kule Marekani ilimchukua Scott Thompson kuwa mkurugenzi wake mkuu. Wasifu wake ulisema ana shahada ya uhasibu na sayansi ya kompyuta. Mwekezaji mmoja mwenye hisa katika Yahoo, aliyekuwa na ugomvi na uongozi, aliufuatilia huo mstari chuoni akakuta shahada ni ya uhasibu tu. Mei mwaka huo huo Thompson alikuwa ameshaondoka. Kazi hakushindwa kwa kukosa kompyuta. Alikuwa ameshaongoza kampuni kubwa ya malipo kabla ya hapo, na hakuna aliyejali alisoma nini ujanani. Kilichomwondoa ni mstari ambao hata hakuuhitaji.

Kwa kijana wetu, uzi wa kwanza ulikuwa "shirika kubwa la kimataifa la bahari". Ukweli ni kwamba alikaa miezi mitatu kama mwanafunzi wa mafunzo ya kazini, akihesabu samaki wanaoshushwa pwani na kujaza daftari. Yeye aliona aibu kuandika hivyo. Mimi nikaona ndiyo dhahabu ya wasifu wote. Kijana ambaye kwa miezi mitatu amepima samaki kila alfajiri anajua msimu wa kusi unavyopunguza uvuvi na kaskazi inavyourudisha, na hilo mwenye pesa wa Nairobi halijui. Tuliandika miezi yenyewe, mahali penyewe, na kazi yenyewe: kupima na kurekodi samaki wanaoshushwa. Mtu akipiga simu pale, jibu atakalopewa litalingana na alichosoma.

Uzi wa pili ulikuwa mzito zaidi. Neno "kampuni". Watu wetu wengi wakishasajili jina la biashara kwenye eCitizen hujiita wenye kampuni. Kisheria ni vitu viwili. Jina la biashara, ambalo namba yake huanza na BN, ni wewe mwenyewe umevaa kanzu nyingine. Deni lake ni lako, na halina hisa za kumuuzia mtu. Kampuni ya binafsi, ambayo namba yake huanza na PVT, ni mtu wa kisheria aliye peke yake na ana hisa. Mwenye pesa anayetaka kununua sehemu ya biashara hawezi kununua sehemu ya jina la biashara. Akikuta umeandika kampuni na namba yako ni ya BN, ataona mawili: ama hujui, ama unamficha.

Huyu wetu alikuwa na kampuni kweli. Hapo alipita. Nikamwambia alete CR12.

CR12 ni waraka unaotolewa na msajili wa kampuni, kupitia ile idara ya BRS, unaoonyesha wakurugenzi ni nani, wenye hisa ni nani, na kila mmoja ana hisa ngapi. Huombwa kwenye eCitizen kwa ada ndogo. Mwekezaji hakubali ya mwaka jana; hutaka iliyotolewa karibuni, kwa kuwa hisa huhama. Kwangu mimi wasifu na CR12 husomwa pamoja, mmoja mkono wa kulia na mwingine mkono wa kushoto. Wasifu unasema, CR12 inajibu.

Ya kijana wetu ilijibu hivi: hisa 100, yeye 50, na rafiki yake wa shule 50.

"Mbona umeandika mwanzilishi pekee?"

"Mjomba, huyo keshakwenda Doha. Mwaka wa pili sasa. Hana habari na samaki."

Kwenda Doha hakumtoi mtu kwenye daftari la msajili. Kwa sheria, nusu ya kila kitu ambacho yule kijana anakijenga kwa jasho ni ya mtu anayefanya kazi nyingine Qatar, na mwekezaji akitia shilingi, nusu ya faida ya shilingi hiyo inamfaidi mtu asiyekuwepo. Jambo hili ni la kawaida sana kwetu, kwa sababu biashara zetu huanza na rafiki au binamu, na rafiki au binamu hupata viza. Hakuna ubaya wowote katika kuondoka. Ubaya ni wasifu kusema "pekee" na waraka wa serikali kusema "nusu".

Dawa yake haikuwa kuufuta mstari ule. Alimpigia simu mwenzake, wakazungumza kama watu wazima, na mwenzake akakubali abaki na hisa 10 kwa ile pesa ya makasha ya kwanza aliyotoa, na 40 azirudishe. Uhamisho wa hisa una fomu yake, unatiwa saini na pande zote mbili, unalipiwa ushuru wa stempu wa asilimia moja ya thamani ya hisa, kisha unapelekwa kwa msajili abadilishe daftari. Huchukua muda, hasa mmoja akiwa ng'ambo na saini yake inatakiwa. Kwa hiyo tusingojee. Kwenye wasifu tuliandika: "Tulianza wawili. Mwenzangu alihamia Doha na hashiriki kazi za kila siku. Tumekubaliana abaki na hisa 10 kati ya 100, na uhamisho uko kwa msajili." Mwekezaji akisoma hivyo kabla hajaiona CR12, anajua anashughulika na mtu anayemwambia mambo mapema. Akiiona CR12 kwanza, hata kama ufafanuzi ni ule ule, tayari unajitetea.

Na kwa nini 10 na si 9 au 12? Hilo ni lao wawili. Lakini wajue kuwa kanuni za 2020 za wamiliki wa kweli wa kampuni zinamtaja kila mwenye asilimia 10 na zaidi, kwa hiyo yule wa Doha ataendelea kuandikwa na kuulizwa kitambulisho chake. Nilimweleza, akasema haina neno.

Uzi wa tatu, namba. "Mauzo zaidi ya milioni mbili." Nikamwomba taarifa ya Till yake ya M-Pesa ya miezi sita. Zilikuwa zimeingia shilingi 2,100,000, kwa kilo zipatazo 3,000. Kwa hiyo hakudanganya. Ila nikamuuliza, samaki ni wako au ni wa wavuvi mpaka wauzwe? Ni wa wavuvi. Yeye anachukua asilimia 15 na kinachobaki anawatumia. Basi pesa yake si milioni mbili. Pesa yake ni shilingi 315,000, na kwenye hizo ametoa 190,000 za barafu na usafiri. Zimebaki 125,000 kwa miezi sita, kabla hajajilipa mwenyewe hata shilingi.

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, tena bila kukusudia. Pesa iliyopita mkononi mwako na pesa iliyo yako ni vitu viwili, na neno "mauzo" linazichanganya. Mwekezaji ataomba ile taarifa ya Till, ataomba na orodha ya malipo ya wavuvi, na baada ya nusu saa ataipata ile 315,000 mwenyewe. Akiipata mwenyewe, ni aibu. Ukimpa wewe, ni hesabu. Tuliandika zote mbili kwenye mstari mmoja: "Januari hadi Juni: samaki wa shilingi 2,100,000 walipita kwetu, kamisheni yetu 315,000, barafu na usafiri 190,000."

Kisha nikamuuliza jambo ambalo hakulitarajia: "Wangapi walioza?"

Alikuwa na jibu. Kilo 46. Anaziandika, kwa sababu alizoea daftari kule mafunzoni. Nikasema hiyo iingie. Alishtuka. Lakini fikiria: kila anayejua samaki anajua kwamba katika kilo 3,000 zinazosafiri kutoka Shimoni hadi Nairobi lazima kuna zinazoharibika. Wasifu usiotaja hilo unamwambia msomaji kwamba ama hupimi, ama unaficha. Ukitaja kilo 46, umemwambia kwamba unapima na kwamba hasara yako ni kama kilo moja na nusu kwa kila mia. Mwenye kujua samaki ataona hiyo si haba.

Sasa msomaji wa pili, mshirika. Na tuanze na neno lenyewe, kwa maana limechakaa. Kijana wetu aliandika "washirika katika hoteli maarufu" na akabandika nembo mbili. Hoteli ya kwanza ilinunua kilo 20 za nguru mara moja, kwa ajili ya arusi. Ya pili ilinunua mara nne. Hao ni wateja, na mteja si tusi. Mshirika ni mtu mliyetia naye saini kwamba yeye atafanya hiki na wewe utafanya kile. Nembo ya mtu ni mali yake, na meneja wa ununuzi akipigiwa simu kuulizwa kuhusu "ushirika" wenu atasema hajausikia. Tuliziondoa nembo zote mbili, tukaandika: "Mikahawa na hoteli 2 zimenunua, moja imerudia mara nne," na tukampigia meneja wa ile ya pili kumuuliza kama akiulizwa atakubali kusema. Alikubali. Simu moja inayopokelewa na mtu aliyekubali kuulizwa inashinda nembo kumi.

Mshirika tuliyekuwa tunamtaka hasa ni mwenye lori la baridi. Huyo hana haja na ndoto za mwekezaji. Yeye anajiuliza: nikipakia samaki wa huyu bwana, nikasimamishwa Mariakani, karatasi zipo? Wakikataliwa Nairobi, anayelipa ni nani? Na anayetia saini ana mamlaka ya kutia saini? Kwa hiyo kwa msomaji huyu wasifu unaeleza leseni ya biashara ya samaki na ni ya mpaka lini, kibali cha kusafirisha, kibali cha biashara cha kaunti, na vyeti vya afya vya wanaowashika samaki, ambavyo hufanywa upya kila miezi sita. Namba ya PIN ya kampuni iwepo, pamoja na cheti cha kutodaiwa kodi, ambacho KRA hukitoa kwa miezi 12. Vyote viwili mtu yeyote huvihakiki kwenye mtandao wa iTax kwa dakika chache bila kukuomba ruhusa. Basi usiandike "tunafuata sheria zote". Andika namba, na tarehe ya mwisho.

Kulikuwa na karatasi moja aliyoidharau, nayo ndiyo iliyomsaidia zaidi kwa mwenye lori. Ni barua kutoka BMU ya kwao, ile kamati ya wavuvi inayosimamia bandari ndogo. Ilisema kwamba ananunua hapo na analipa. Aliona ni kikaratasi cha kijijini kisichofaa Lavington. Lakini mwenye lori anajua kwamba mfanyabiashara anayedaiwa na wavuvi siku moja atakosa mzigo na lori litarudi tupu kilomita mia tano na zaidi. Barua ile ilimjibu swali hilo hasa. Mambo ya kwetu, ambayo vijana huyaficha wakifika Nairobi, mara nyingi ndiyo wasiyoweza kughushiwa.

Msomaji wa tatu ni mteja wa mwanzo, yule mama wa Kileleshwa anayetaka kilo mbili za changu Jumamosi. Huyu hajali CR12. Anataka kujua samaki wamevuliwa lini, nani atampokelea simu wakinuka, na pesa yake itarudije. Ataangalia jina la Till kama linalingana na jina la biashara analoliona, kwa sababu M-Pesa humwonyesha jina. Kama wasifu unasema kampuni fulani na Till inatokea na jina la shemeji yako, huyo umempoteza, tena hatakwambia. Kijana wetu alikuwa na shida hiyo hiyo: Till ya mwanzo ilisajiliwa kwa jina lake la nyumbani ambalo wateja hawalijui. Alichukua nyingine ya jina la kampuni.

Ila la mteja lenye uzito zaidi ni hili: yeye pia anasoma yale uliyomwandikia mwekezaji. Hakuna pazia kati yao. Mnakumbuka Kune, ile kampuni ya chakula cha tayari hapa Nairobi. Juni 2021 ilitangaza kwamba imepata dola milioni moja za kuanzia. Mwanzilishi wake, Mfaransa, alieleza katika habari hiyo jinsi alivyofika Kenya na hakupata chakula kizuri cha bei nafuu. Kwa sikio la mwekezaji aliye mbali hicho ni kisa kizuri kabisa: mtu ameona pengo, anakwenda kulijaza. Lakini habari ile ilisomwa na watu wa Nairobi, wenye vibanda vyao na mama zao wa chapati na maharagwe, na mitandao ikawaka moto. Wateja aliotaka kuwalisha ndio waliotukanika. Juni 2022, mwaka mmoja tu baadaye, alitangaza kwamba wanafunga. Katika tangazo hilo alisema wameuza milo zaidi ya 55,000, lakini kwa bei ya dola tatu hivi kwa mlo haikutosha kuendesha kazi. Sisemi kwamba kisa kile ndicho kilichoifunga. Hesabu za mlo ndizo, na mwenyewe alizitaja. Nasema kwamba sentensi iliyoandikwa kumvutia msomaji mmoja ilimchoma mwingine, kwa kuwa mwandishi alisahau kwamba wako chumba kimoja.

Kijana wetu alikuwa na sentensi ya namna hiyo. Aliandika kwamba anawakomboa wavuvi "wasiojua thamani ya samaki wao". Mwekezaji angetikisa kichwa kukubali. Wavuvi wa Shimoni wana simu, wanasoma, na bei za Nairobi wanazijua kuliko yeye. Wanachokosa ni barafu na gari. Nikamwambia hiyo ikifika bandarini hutapata hata dagaa. Ikawa: "Wavuvi wanapanga bei kila alfajiri, sisi tunaleta barafu, usafiri na mnunuzi." Isomwe na mwekezaji, mwenye lori, mama wa Kileleshwa au mzee wa BMU, haimchubui mtu.

Jambo dogo kuhusu picha. Alikuwa ameweka picha za wateja majumbani mwao wakicheka na samaki, pamoja na maneno yao mazuri. Nilimuuliza kama walikubali. Wawili ndio, wengine hakuwauliza. Sheria ya kulinda data ya 2019 haina mzaha hapa. Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data iliitoza baa moja ya Ngong Road shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake. Kwa biashara yenye 125,000 za miezi sita, hiyo ni kuzikwa. Zilibaki picha mbili, na ujumbe wao wa kukubali ameuhifadhi.

Wasifu una mipaka yake, na ni vizuri mjue. Hautakuletea pesa. Kazi yake ni kukufikisha kwenye mkutano wa pili. Hauthibitishi kwamba wateja watarudi. Kwa hilo tuliweka hesabu kwamba nyumba 64 zimewahi kununua na 23 zimenunua kila mwezi, na mwenye pesa atazipima mwenyewe. Wala hauzuii mwekezaji kupiga simu kwa watu ambao hukuwataja. Hufanya hivyo daima. Mimi mwenyewe, nikipewa majina matatu ya watu wa kuulizwa, huwapigia hao kisha huwaomba kila mmoja anitajie mwingine mmoja anayemjua huyu bwana. Huyo wa nne ndiye ninayemsikiliza zaidi.

Mkitaka kujua kama wasifu wenu umekaa sawa, kuna jaribio ninalolitumia. Mpe mtu asiyekujua kalamu nyekundu, mwambie apige mstari chini ya kila sentensi ambayo hajui angeihakiki kwa nani. Ule wa kwanza wa kijana wetu ulirudi mwekundu wote. Wa pili ulibaki na sentensi mbili nyekundu, zote kuhusu mipango ya mwaka ujao, na mipango haina wa kuulizwa. Tulizitenga chini kabisa kwa kichwa "Tunachokusudia", zisichanganyike na tulichofanya. Juu kulia tukaandika mwezi na mwaka. Wasifu usio na tarehe humfanya msomaji adhani ni wa zamani, na mara nyingi huwa hakosei.

Mpaka naandika haya, mwenye lori amekubali safari mbili kwa wiki kwa majaribio ya miezi mitatu. Mwekezaji hajatoa kitu. Anasubiri daftari la msajili libadilike, na saini ya Doha ilirudishwa mara moja kwa kuwa haikulingana na ya kitambulisho. Wiki iliyopita kijana aliniletea wasifu wenye hesabu mpya. Kilo zilizooza zimepanda hadi 71, kwa sababu lori liliharibika usiku karibu na Mtito Andei na barafu ikayeyuka. Amelieleza hilo kwa mistari miwili, na ameandika nani alilipa nini.